Bili Ikija na Makosa, Mtazame Mwenzako

Ushauri wa kumtazama mtu unayetaka kuwa naye kimapenzi anavyomtendea mhudumu umesambaa kiasi kwamba siku hizi wote wawili walioketi mezani wanaujua. Hapo ndipo ulipoanza kupoteza makali. Mtu anayejua anatazamwa atasema "asante dada" kwa kila glasi, atauliza jina la mhudumu, ataacha elfu mbili juu ya meza. Adabu ya saa moja na nusu karibu kila mtu anaimudu, hata yule ambaye nyumbani kwake watu hunyamaza wakisikia geti linafunguliwa. Kwa hiyo tabasamu na "naomba" tuviweke kando kidogo. Vina thamani yake, lakini vinaigizika kirahisi mno. Kinachoigizika kwa shida ni namna mtu anavyofanya mambo yanapoharibika: lawama anampelekea nani, na hasara anakubali imwangukie nani.

Ili uweze kulisoma hilo, inabidi ujue kwanza kazi yenyewe inavyokwenda. Chukua baa ya kawaida ya Dar es Salaam yenye nyama choma, Sinza au Tabata. Kwa mteja mahali pale ni biashara moja, lakini ndani kuna shughuli mbili au tatu tofauti. Kaunta ina mtu wake na hesabu yake. Jiko, mara nyingi, ni la mtu mwingine kabisa aliyekodi eneo na anayekusanya pesa zake mwenyewe. Katikati yao anazunguka mhudumu, ambaye hapiki, hachomi wala hapangi bei. Katika baa nyingi yeye huchukua vinywaji kaunta kwa jina lake, anaandikiwa, na zamu ikiisha anatakiwa afunge hesabu. Mteja akitoweka bila kulipa, au bia moja ikisahaulika kwenye bili, pengo hilo ni lake. Ndiyo maana chupa tupu huachwa mezani hadi mwisho: ndizo ushahidi wa pande zote mbili.

Sasa tuseme watu wawili wamefika Jumamosi saa mbili usiku. Wameagiza nusu kilo ya mbuzi, ndizi mbili za kuchoma, bia na soda. Saa tatu kasorobo nyama haijafika, na meza ya jirani waliokuja nyuma yao tayari wanakula samaki. Anayejua jiko haoni ajabu. Samaki huyo alishakaangwa mapema, anapitishwa tu kwenye mafuta ya moto, dakika chache yuko kwenye sahani. Mbuzi mbichi anayewekwa kwenye moto wa mkaa kwa oda yako anataka dakika arobaini hadi saa nzima, na kama mbele yako kuna oda tano, panga foleni. Si kila mteja analijua hilo, na si kosa kutolijua. Kosa au uungwana utaonekana katika anachofanya asipolijua.

Sikiliza sentensi yake ya kwanza. "Dada samahani, ile nyama yetu imefikia wapi?" ni swali kuhusu nyama. "Hivi wewe unafanya kazi gani hapa?" ni swali kuhusu mtu. Zote mbili zinaweza kutoka kwa mtu mwenye njaa na aliyekereka kwa kiwango kilekile, lakini ya pili imeshaamua kwamba tatizo ni huyu aliyesimama mbele yangu, tena kwa kuwa ndiye aliye karibu na hana la kunijibu. Halafu tazama malalamiko yanaelekea wapi. Wapo wanaoinuka wenyewe, wakaenda hadi kwenye jiko la kuchomea, wakamuuliza mchomaji, "Mkuu, nusu ya mbuzi meza ile pale, bado sana?" Wapo wanaoomba kuonana na meneja na kulalamika kwa sauti ya kawaida. Hao wanadai haki yao kwa mtu mwenye uwezo wa kuitoa. Na tuelewane hapa: kulalamika si ukatili. Mtu anayekubali nyama mbichi na soda ya moto kwa kuogopa kuonekana mbaya hajaonyesha wema wowote, ameonyesha kwamba hajui kusema anachotaka, na kuishi na mtu wa namna hiyo nako kuna shida yake.

Baadaye nyama inafika. Watu wengi huacha kutazama hapa, wakati hapa ndipo palipo na mengi. Je, jambo limeisha? Kuna mtu ambaye chakula kikifika hasira inaondoka na mvuke wake. Na kuna yule ambaye atamsema mhudumu tena akileta pilipili, atamsema akileta maji ya kunawa, na wakati wa kuondoka ataeleza kwa sauti ili meza ya tatu isikie. Huyo wa pili hatafuti tena nyama. Ukigombana naye kuhusu ada ya shule au kuhusu shemeji, ugomvi utaendelea hata baada ya kupata suluhisho, kwa kuwa alichokuwa akikitaka si suluhisho.

Kisha inakuja bili, na kwa maoni yetu hiki ndicho kipimo bora kuliko vyote vya usiku huo. Tuseme nyama ni 10,000, ndizi mbili 2,000, bia tatu za 2,500 ni 7,500, soda mbili 2,000. Jumla ni 21,500. Ikiwa bili imeandikwa 24,000, yaani bia nne, mwenzako ana haki kamili ya kuhoji. Mtu mtulivu atahesabu chupa zilizopo mezani, atamwonyesha mhudumu, mhudumu atasahihisha, yamekwisha. Anayeanza na "mmezoea kuiba nyie" amemtia mtu hatiani kabla ya kuhesabu chupa. Lakini geuza kosa. Bili imekuja 19,000, bia moja imesahaulika. Hakuna atakayejua. Anayesema "dada, umesahau bia moja" amelipa 2,500 ambayo hakuna aliyemdai, na amemwokoa mtu asiyemjua na deni la usiku huo. Anayekukonyeza na kukuhimiza muondoke haraka amekuonyesha anavyofanya hesabu: kwake hiyo bia ni ya bure. Mweleze kwamba atakayeilipa ni yule dada. Kama hakujua kaunta inavyofanya kazi na akarudi kulipa, hilo ni jambo jema kuliko hata kama angejua tangu mwanzo. Kama alijua na bado anacheka, huhitaji ushahidi mwingine kuhusu jambo hilo.

Bakshishi haituambii mengi kama tunavyodhani. Kwetu hapa kuacha chochote ni hiari, na kijana aliyejibana wiki nzima ili alipie mtoko hana cha kuacha. Kwa upande mwingine yupo anayemwita mhudumu majina ya ajabu usiku kucha kisha anamtupia noti ya elfu kumi mbele yako. Pesa hiyo imelipwa kwako, si kwa mhudumu. Na kuna jambo moja ambalo halihitaji kupimwa mara mbili: kumshika mhudumu mkono, kiuno, kumvuta aketi, kumfanyia mzaha wa mwili wake mbele ya mgeni wako. Wahudumu wa baa wanakutana na hayo kila zamu na wengi hucheka ili kazi isipotee. Kicheko chao si ruhusa, na anayejifanya hajui tofauti anajua.

Safari ya kurudi ina mafunzo ya aina nyingine, kwa sababu hapo tatizo mara nyingi limetengenezwa na abiria mwenyewe. Ukiita gari kwa simu, pini ikidondoka upande usio wako wa Barabara ya Morogoro, dereva hawezi tu kuvuka kukufuata. Katikati kuna njia za mwendokasi na uzio. Inabidi aende hadi kwenye makutano yanayoruhusu kugeuza, arudi, na foleni yake. Wakati huo ramani inaonyesha yuko mita 60 kutoka ulipo. Msikilize mwenzako akipokea simu. Anayesema "niko mbele ya duka la dawa, upande wa kutokea mjini, nisamehe pini imekaa vibaya" anatoa maelezo yanayomsaidia dereva afike. Anayerudia tu "nakuona hapo, mbona huji?" na kuongeza sauti kila mara anaamini ramani kuliko mtu anayeendesha, na haingii akilini mwake kwamba kosa linaweza kuwa lake. Jaribu kumwambia kwa upole kwamba huenda pini imekosewa. Jibu lake kwa wewe, si kwa dereva, ndilo la kuweka kichwani.

Hata hivyo kuna ukali kwa madereva ambao una sababu. Dereva akipiga simu kuuliza unaenda wapi na utalipa keshi au la, halafu akafuta safari kwa kuwa jibu halikumpendeza, abiria aliyefanyiwa hivyo mara tatu usiku mmoja ana haki ya kukasirika. Ukali huo ulinganishe na jambo lililousababisha kabla ya kuuhesabu.

Kwa walio wengi mtoko hautumii gari la kuita, unatumia daladala, na daladala ni darasa zuri kwa sababu kila kitu kinatendeka hadharani na kwa haraka. Desemba 2023 nauli ya safari fupi isiyozidi kilomita 10 Dar es Salaam ilipandishwa kuwa shilingi 600, na kwa nauli hiyo anayetoa noti ya 1,000 anadai 400, na konda mwenye gari lililojaa anaweza kusema "subiri kaka". Namna mtu anavyodai 400 yake ni jambo la kutazamwa, lakini zaidi tazama mwenzako anafanya nini konda anapowazuia wanafunzi wasipande kwa kuwa wao nauli yao ni ya chini, au mama mwenye mtoto mgongoni anapoingia wakati viti vimejaa. Hapo hakuna anayemlipa mwenzako kwa kuwa mwema, na mara nyingi hata hakumbuki kwamba upo.

Sasa tahadhari, maana kipimo hiki kina mahali pa kudanganya. Mwaka 1973 wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia kule Princeton, Marekani. Kila mwanafunzi alitumwa jengo jingine kutoa hotuba, na njiani aliwekwa mtu aliyejikunyata mlangoni, anakohoa na kugugumia. Baadhi ya wanafunzi walikuwa wanakwenda kuhubiri mfano wa Msamaria Mwema wenyewe. Walioambiwa wana muda wa kutosha, 63 kati ya kila 100 walisimama kusaidia. Walioambiwa wamechelewa, walisimama 10 kati ya 100. Mada ya hotuba haikuleta tofauti ya kutegemewa. Haraka ndiyo iliyoleta. Kwa mtu anayemchunguza mwenzake maana yake ni hii: aliyefika kwenye mtoko baada ya saa mbili za foleni ya Mbagala, hajala tangu saa sita mchana, simu inaisha chaji, na akamjibu mlinzi wa maegesho kwa mkato, amekuonyesha uchovu wake zaidi ya moyo wake.

Dawa yake si kupuuza ulichokiona, ni kukiongeza. Mwaka 1979 mtafiti mwingine, Seymour Epstein, alionyesha kwamba tendo moja la mtu halitabiri vizuri tendo lake lijalo, lakini ukikusanya matendo ya siku nyingi na kuyatazama kwa pamoja, tabia inajitokeza na kukaa imara. Kwa hiyo usitoe hukumu kwa usiku mmoja, isipokuwa kwa jambo zito kama lile la kumshika mhudumu. Mtazame akiwa ameshiba na akiwa na njaa, siku ana pesa na siku hana, mkiwa wawili na mkiwa na marafiki zake. Hilo la marafiki lina uzito wa pekee, kwa kuwa wapo watu wanaoheshimu wahudumu hadi wanapokuwa kwenye kundi, ndipo mhudumu anageuka kuwa kichekesho cha meza.

Jambo la pili linalodanganya ni desturi. Mtu aliyekulia Nairobi anaweza kusema "leta chai" akiwa hana ubaya wowote moyoni, na mhudumu wa huko ataleta chai bila kuhisi kitu. Sentensi hiyohiyo Tanga au Zanzibar inaonekana kama amri. Vivyo hivyo kuita kwa "psss" au kupiga makofi: kuna baa ambako muziki uko juu na kila mtu anafanya hivyo, mhudumu mwenyewe akiwamo anapomwita mwenzake. Kipimo kiwe ni desturi ya mahali hapo, na namna anavyowatendea wafanyakazi wa chini ukilinganisha na anavyomtendea mtu wa hadhi mahali hapohapo. Anayemwamkia mwenye baa "shikamoo mzee" na kumpita mlinzi mwenye mvi bila hata kumtazama ametofautisha watu wawili wa umri mmoja, na kilichomfanya atofautishe ni cheo chao.

Kwa wageni wa njiani uangalifu uongezeke. Mwanamke anayepandisha kioo kwenye taa za Ubungo, au asiyemjibu mwanaume anayemsemesha kituoni saa nne usiku, analinda simu yake na nafsi yake. Hajamdharau mtu. Ambacho kinaweza kukuambia kitu ni yule mtoto anayepita mezani na sinia la karanga. Kutonunua ni sawa. "Hapana mdogo wangu, asante" ni sekunde mbili. Kumfukuza kwa mkono kama nzi bila kukatiza mazungumzo nako ni sekunde mbili.

Na kuna kosa linalofanywa na wachunguzi wenyewe: kutega mitego. Kuna wanaopanga na mhudumu amwage kinywaji, au acheleweshe oda kwa makusudi, ili waone mwenzao atafanya nini. Huo ni upuuzi. Kwanza unamweka mfanyakazi kwenye hatari ya kutukanwa au kukatwa mshahara kwa ajili ya mapenzi yako. Pili, maisha ya mjini yanaharibika yenyewe vya kutosha. Mitoko minne haipiti bila umeme kukatika, mtandao wa malipo kugoma au oda kuchanganywa.

Lakini hata ushahidi mzuri wa mezani una mpaka wake. Bill Swanson, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya silaha ya Raytheon, alipata sifa Marekani kwa kanuni zake za uongozi, mojawapo ikisema kwamba asiyemheshimu mhudumu si mtu mwema. Mwaka 2006 ikagundulika kwamba kanuni zake nyingi zilinakiliwa kutoka kitabu cha mhandisi mwingine cha mwaka 1944, na bodi ya kampuni ikamnyima nyongeza ya mshahara. Upole kwa mhudumu ni jambo moja, uaminifu katika mambo mengine ni jambo jingine. Na zaidi ya hapo, kuna watu wanaopendwa na mtaa mzima, wanaowasalimia walinzi kwa majina, wakiingia ndani wanabadilika. Kwa hiyo uzito wa ishara hizi haulingani: ukatili kwa mnyonge ni onyo la kuzingatiwa, ila upole kwake si cheti cha kumsafisha mtu.

Ndiyo maana, kama tungeambiwa tuchague jambo moja tu la kusikiliza, tusingechagua mhudumu. Tungechagua simu ya dada wa kazi. Mwenzako, mwanaume au mwanamke, ana dada nyumbani kwake au kwa wazazi wake. Katikati ya mazungumzo dada anapiga: gesi imeisha, mtoto ana homa, fundi amekuja hajui amfungulie au la. Mhudumu anaonwa usiku mmoja na anaweza kwenda meza nyingine. Dada wa kazi anaishi na huyo mtu, analala chini ya paa lake, na kuondoka kwake si kwepesi. Isitoshe, anayepokea simu hiyo hajipangi, kwa kuwa haimjii kwamba simu ya nyumbani nayo ni mtihani. Sikia kama anamwita kwa jina au kwa "wewe". Sikia kama anamsikiliza hadi mwisho kabla ya kufoka. Kama unga umeisha kwa kuwa yeye mwenyewe alisahau kuacha pesa, sikia anayesemwa ni nani. Akikata simu, sikia pia anavyokueleza wewe: "huyu dada ananisaidia sana, ngoja nimtumie hela ya gesi," au "hawa watu hawana akili kabisa." Hilo "hawa watu" likijirudia kwa dada, kwa konda, kwa fundi na kwa mhudumu, unalo jibu ambalo mitoko kumi ya hoteli nzuri isingekupa.

Ukiona lililokukera, usilisemee mezani, mbele ya aliyetukanwa. Hapo utapata ubishi tu, na mhudumu ataongezewa aibu. Subiri kesho yake, muwe mmetulia, uulize kwa maneno ya kawaida: "Jana yule dada ulimsema sana, kulikuwa na nini?" Wapo watakaokueleza siku yao ilivyokuwa, wakakiri walizidisha, na safari ijayo ukaona tofauti kwa macho. Wapo watakaocheka, "aah, hao ndivyo walivyo", na utajua kwamba kwao hakuna kilichotokea. Na wapo watakaokugeukia wewe: kwa nini unamtetea, una uhusiano naye gani, unajifanya mwema kwa nani. Wa kundi hili usibishane nao kuhusu mhudumu. Pima walivyokujibu wewe, kwa sababu mara hii aliyekuwa mbele yao ulikuwa ni wewe, na ulichofanya ni kuuliza tu.